Barua ya rufaa ya uchungu pingamizi

Barua ya rufaa ya uchungu pingamizi ni maandishi ambayo tabibu au muuguzi mkunga wa kituo cha afya humwandikia daktari wa hospitali ya wilaya anapompeleka mama ambaye uchungu wake umekwama. Barua hiyo husafiri pamoja na mama, na kwa kawaida huambatana na chati ya uchungu iitwayo patografu pamoja na kadi yake ya kliniki ya wajawazito. Kazi yake ni kumpa daktari anayempokea mambo asiyoweza kuyaona mwenyewe: mama alikuwaje saa zilizopita, hali ilibadilika lini, na amekwisha kupewa nini.

Makala hii inahusu hasa utaratibu wa Tanzania, ambako huduma za serikali hupangwa kuanzia zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, halafu hospitali ya rufaa ya mkoa. Baadhi ya vituo vya afya vina chumba cha upasuaji, lakini vingi vya vijijini havina. Mama mwenye uchungu pingamizi akiwa katika kituo kisicho na upasuaji hana budi kusafirishwa.

## Uchungu pingamizi

Uchungu huitwa pingamizi pale ambapo mfuko wa uzazi unakaza vizuri lakini mtoto hashuki, kwa sababu kuna kizuizi katika njia. Mara nyingi kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko nafasi iliyomo katika nyonga ya mama. Sababu nyingine ni mtoto kulala mkingamo, kutanguliza paji la uso, au kichwa chake kujaa maji.

Mwili hujibu kizuizi hicho kwa namna mbili. Kwa mwanamke anayezaa kwa mara ya kwanza, mara nyingi mikazo hulegea baada ya saa nyingi. Kichwa hubaki kimebana kibofu cha mkojo dhidi ya mfupa, nyama iliyobanwa hukosa damu na kufa, na siku chache baadaye tundu hutokea: hiyo ndiyo fistula ya uzazi. Kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa, mfuko wa uzazi huelekea kuendelea kukaza kwa nguvu. Sehemu yake ya chini hunyooka na kuwa nyembamba hadi ipasuke. Kwa sababu hiyo idadi ya uzazi uliopita, na kama kuna kovu la upasuaji, huwekwa katika mistari ya kwanza ya barua.

## Wakati wa kuandika

Uamuzi wa kutoa rufaa hutegemea sana patografu. Mwaka 1954 daktari Emanuel Friedman wa Marekani alichora jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka kadiri saa zinavyopita. Mwaka 1972 Philpott na Castle, waliofanya kazi katika Rhodesia ya wakati huo (leo Zimbabwe), waliongeza mistari miwili juu ya mchoro wa namna hiyo. Walikuwa wakishughulikia tatizo lilelile la makala hii: mkunga aliye mbali na hospitali atajuaje kwamba wakati wa kumsafirisha mama umefika?

Mstari wa kwanza ni mstari wa tahadhari. Unapanda kwa sentimita 1 kila saa. Mstari wa pili, yaani mstari wa hatua, uko saa 4 kulia kwake. Nafasi kati ya mistari hiyo miwili ndiyo muda wa safari. Mama ambaye alama zake zimevuka mstari wa tahadhari akiwa kituoni anatakiwa kuanza kuondoka, ili awe amefika kwenye upasuaji kabla ya mstari wa hatua.

Shirika la Afya Duniani lilitumia mistari hiyo katika patografu zake kwa miaka mingi. Mwaka 2018 lilieleza kwamba kasi ya sentimita 1 kwa saa isitumike peke yake kuamua kama uchungu una tatizo, kwa kuwa wanawake wengi hufunguka polepole zaidi na kujifungua salama. Mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu usio na mistari hiyo. Hivyo kuvuka mstari wa tahadhari ni sababu ya kuangalia kwa makini na kujiandaa, wala si uthibitisho wa kizuizi. Uthibitisho hutoka kwenye dalili za kizuizi chenyewe, na barua nzuri huzitaja moja moja.

## Yaliyomo katika barua

Fomu za rufaa hutofautiana, lakini daktari wa hospitali hutafuta mambo manne, karibu kwa mpangilio huu.

Mama ni nani. Umri, mimba ya ngapi, amezaa mara ngapi na kwa njia gani, umri wa mimba, kundi la damu na kiwango cha damu kama vimeandikwa kwenye kadi. Uzito wa watoto waliotangulia una maana: mama aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 3.5 bila shida ana nyonga ambayo imekwisha kupimwa na uzazi wenyewe. Akikwama sasa, daktari atafikiria mtoto mkubwa zaidi au kichwa kilichokaa vibaya.

Uchungu umeendaje. Saa uchungu ulipoanza, saa chupa ilipopasuka na rangi ya maji, kisha kila uchunguzi wa ukeni pamoja na saa yake. Kipimo kimoja cha mlango wa kizazi hakielezi kitu. Sentimita 7 kwa mama aliyekuwa na sentimita 3 saa mbili zilizopita ni habari njema. Sentimita 7 kwa mama aliyekuwa na 7 saa mbili zilizopita, huku mikazo ikiwa mikali, ni hatari.

Dalili za kizuizi. Ya kwanza ni kushuka kwa kichwa, kunakopimwa kwa kupapasa tumbo na kuhesabu ni sehemu ngapi kati ya 5 za kichwa bado ziko juu ya nyonga. Kipimo hiki ni cha kuaminika kuliko kidole ukeni, kwa sababu ngozi ya kichwa ikivimba huteremka na kumdanganya mpimaji kwamba kichwa kimeshuka. Ya pili ni kupandana kwa mifupa ya fuvu. Mifupa ikigusana tu huandikwa alama moja ya kujumlisha. Ikipandana lakini ikaachana kwa kusukumwa na kidole, alama mbili. Ikipandana na isiachane, alama tatu. Kichwa kilicho juu chenye alama mbili au tatu ni dalili kubwa ya kizuizi. Nyingine ni mkojo wenye damu, uvimbe wa uke, na mkunjo unaokata tumbo kati ya kitovu na mfupa wa kinena, uitwao pete ya Bandl, ambao huonyesha kwamba mfuko wa uzazi umekaribia kupasuka.

Amepewa nini. Kila dawa huandikwa na kipimo, njia na saa. La muhimu kuliko yote ni kama alipewa oksitosini, maarufu kama dripu ya uchungu, au misoprostoli. Dawa hizi huongeza mikazo, na kumpa mama mwenye kizuizi ni kuusukuma mfuko wa uzazi upasuke. Kama hakupewa, barua iseme wazi kwamba hakupewa. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu huulizwa pia, kwa sauti isiyo ya kulaumu, maana ndugu wakiogopa kukaripiwa husema hapana.

## Suala la saa

Katika Afrika ya Mashariki barua ya rufaa ina mtego wake wa pekee. Mama na ndugu zake hutaja saa za Kiswahili, lakini chati za hospitali hutumia saa 24. Mama mkwe akisema uchungu umeanza «saa tisa», ana maana ya 15:00 kama ni alasiri au 03:00 kama ni usiku. Tabibu akiandika «saa 9» bila zaidi, daktari aliyezoea chati ataisoma 09:00. Uchungu wa saa 12 unageuka kuwa wa saa 18, na maamuzi juu ya maambukizi na uchovu wa mfuko wa uzazi yanabadilika.

Kwa hiyo saa hugeuzwa papo hapo, mbele ya aliyeitaja, na kuandikwa kwa tarakimu nne. Njia nyepesi ya kuhakiki ni kuuliza kwa kitu cha siku yenyewe: ilikuwa kabla au baada ya chakula cha mchana, kabla au baada ya adhana ya magharibi, watoto walikuwa wamerudi shuleni? Usiku wa manane tarehe nayo hubadilika, hivyo kila saa ya baada ya 00:00 hupewa tarehe yake mpya.

## Kabla ya gari kuondoka

Barua haiandikwi huku mama akisubiri bila huduma. Mtu mmoja huandika na mwingine huandaa. Penye mtumishi mmoja, kazi ya mikono hutangulia.

Mama hulazwa ubavu wa kushoto. Mshipa hufunguliwa kwa sindano nene na maji ya ringa lakteti au ya chumvi huanzishwa, kwa sababu mama aliyekaa na uchungu muda mrefu huwa amepungukiwa maji. Mpira wa mkojo huwekwa: hupunguza kubanwa kwa kibofu, na rangi ya mkojo unaotoka ni taarifa ya kuandikwa. Kama kichwa kimebana sana mpira haulazimishwi, na barua husema kwamba haukupita. Penye hatari ya maambukizi, antibiotiki za mshipani huanza kituoni, kwa kawaida ampisilini gramu 2, na nyingine huongezwa kulingana na mwongozo.

Hospitali hupigiwa simu kabla ya gari kuondoka. Simu huwezesha timu ya upasuaji na mtaalamu wa usingizi kuitwa. Barua hufanya kazi baada ya mama kufika. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Tanzania ina mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga uitwao m-mama, unaotumia namba ya bure 115 na ambao, panapokosekana gari la wagonjwa, huweza kutumia madereva wa jamii. Dereva wa jamii si mhudumu wa afya, kwa hiyo muuguzi humsindikiza mama akiwa na vifaa vya kuzalisha, maana wapo wanaojifungua njiani.

Ndugu wawili wenye afya huombwa kusafiri pamoja naye kwa ajili ya kuchangia damu. Bahasha hufungwa, kwa kuwa ndani yake mna majibu ya vipimo ambayo ni siri ya mama, na hukabidhiwa muuguzi. Bahasha iliyotiwa kwenye mkoba wa ndugu hupotea pale ndugu anapoachwa getini.

## Mfano

Mfano ufuatao ni wa kubuni. Barua nyingi za Tanzania huandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu chenye vifupisho. Hapa yamewekwa maneno kamili ya Kiswahili. Jina, namba ya kadi na majina ya vituo yameachwa.

> RUFAA YA DHARURA: UCHUNGU PINGAMIZI, MFUKO WA UZAZI BADO HAUJAPASUKA
>
> Kwa: Daktari wa zamu, wodi ya wazazi, Hospitali ya Wilaya
> Tarehe 14, saa 01:15. Nyongeza saa 03:10.
>
> Mama wa miaka 27, mimba ya 3, amezaa mara 2 kwa njia ya kawaida. Mtoto mkubwa zaidi kilo 3.4. Hana kovu la upasuaji. Mimba ya wiki 39. Kundi la damu O chanya, kiwango cha damu gramu 10.2 kwa desilita wiki tatu zilizopita.
>
> Uchungu ulianza 15:00 tarehe 13 (umehakikiwa na mama mkwe: saa tisa alasiri). Alifika kituoni 20:30. Alikula mara ya mwisho 12:30, maji 19:00.
>
> 21:00 – Njia sentimita 5. Kichwa 4/5 juu ya nyonga. Chupa nzima. Mikazo 3 kwa dakika 10, sekunde 35. Moyo wa mtoto 140.
>
> 23:40 – Chupa imepasuka yenyewe, maji safi.
>
> 01:00 – Njia sentimita 7. Kichwa bado 4/5. Mifupa ya fuvu +. Mikazo 4 kwa dakika 10, sekunde 45. Moyo wa mtoto 148. Amevuka mstari wa tahadhari. Uamuzi wa rufaa 01:05, simu ya gari 01:10. Gari lilikuwa safarini na mgonjwa mwingine.
>
> 03:00 – Njia sentimita 7, haijasogea. Kichwa 4/5. Mifupa ya fuvu ++, uvimbe wa kichwa ++. Maji ya kijani. Mikazo 5 kwa dakika 10, sekunde 50. Moyo wa mtoto 170. Mama: mapigo 112, shinikizo la damu 100/60, joto 37.8. Tumbo halina mkunjo. Hakuna damu ukeni.
>
> Amepewa: ringa lakteti lita 1 kuanzia 01:20, ya pili inaendelea. Ampisilini gramu 2 mshipani 01:30. Metronidazoli miligramu 500 mshipani 01:40. Mpira wa mkojo 01:25: mililita 150, njano, tangu 02:45 mkojo una damu kidogo.
>
> Hakupewa oksitosini wala misoprostoli. Alikunywa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi nyumbani, yapata 18:00.
>
> Naomba: tathmini ya haraka kwa upasuaji. Nimezungumza na daktari wa zamu kwa simu 03:05. Ndugu wawili wa kuchangia damu wanafuatana naye. Patografu na kadi zimeambatanishwa.
>
> Gari limeondoka 03:30. Kilomita 48, barabara ya vumbi. Muuguzi mkunga anamsindikiza.
>
> Tabibu wa zamu: jina, saini, namba ya simu

Hesabu ya patografu katika mfano huu ni rahisi kufuata. Saa 21:00 mama alikuwa na sentimita 5, na alama ikawekwa juu ya mstari wa tahadhari. Kwa mstari huo angetarajiwa kuwa na 9 ifikapo 01:00. Alikuwa na 7, sehemu ambayo mstari ulipita saa 23:00. Yaani alikuwa saa 2 kulia kwa mstari. Saa 03:00 alibaki na 7 na hivyo akafika kwenye mstari wa hatua akiwa bado kituoni. Saa 2 zilizokuwa zimebaki kwa safari zilikuwa zimeisha kwa kungoja gari.

## Jinsi barua inavyosomwa

Tuseme gari linafika 05:00. Muuguzi amepima mama njiani na kuandika nyuma ya barua. Daktari anaanza na kichwa cha habari, kinachomwambia tatizo na pia swali la kwanza la kujibu: je, mfuko wa uzazi bado ni mzima?

Kulijibu, analinganisha anachokiona na mistari ya 03:00. Kama mikazo ingali 5 kwa dakika 10, moyo wa mtoto unasikika, na mapigo ya mama ni 116, hali ni ileile iliyosonga mbele kidogo, na mama anaelekea kwenye upasuaji wa kujifungua. Kama mikazo imekoma ghafla, moyo wa mtoto hausikiki, viungo vya mtoto vinapapasika kirahisi chini ya ngozi ya tumbo na mapigo ya mama yamepanda hadi 140, mfuko wa uzazi umepasuka njiani. Hapo damu hutafutwa kwanza na tumbo hufunguliwa kwa mpasuko unaofaa kwa kazi hiyo.

Bila mistari ya 03:00, mama wa pili angeweza kusomwa vibaya. Mama ametulia, halalamiki tena uchungu, na mlango wa kizazi uko sentimita 7: mtu asiyejua kwamba saa mbili nyuma mikazo ilikuwa 5 anaweza kudhani ni uchungu hafifu na kuagiza dripu ya uchungu. Utulivu wa ghafla una maana kwa yule tu anayejua kilichotangulia.

Mambo mengine ya barua huenda kwa watu wengine. Mtaalamu wa usingizi husoma shinikizo la damu, maji aliyopewa na saa ya chakula cha mwisho kabla ya kuchagua kati ya ganzi ya mgongo na usingizi kamili. Muuguzi husoma saa ya antibiotiki ili dozi isirudiwe mapema wala kusahaulika. Mkojo wenye damu tangu 02:45 humwambia daktari mpasuaji awe mwangalifu na kibofu, na baada ya upasuaji auache mpira wa mkojo kwa siku kadhaa, mara nyingi 7 hadi 14, ili sehemu iliyobanwa ipone na fistula izuiwe.

## Makosa ya kawaida

Kosa linaloonekana zaidi ni barua ya sentensi moja: «Mama ana uchungu wa muda mrefu, tafadhali mpokee.» Maneno hayo hayatofautishi uchungu uliokwama na ule wenye mikazo dhaifu, ingawa tiba zake zinapingana: wa pili huweza kusaidiwa na oksitosini, wa kwanza huharibiwa nayo.

Kosa la pili ni patografu iliyojazwa baada ya uamuzi. Chati ya namna hiyo hujulikana kwa alama zilizokaa sawa mno: moyo wa mtoto ni 140 kila nusu saa, mikazo haibadiliki, wino ni mmoja usiku kucha. Daktari akishaitambua haiamini hata mahali iliposema kweli.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo ni kuficha. Tabibu aliyeanzisha dripu ya uchungu kisha akaona kichwa hakishuki huweza kuogopa kuiandika. Kadhalika aliyechelewa kuamua huweza kuusogeza uamuzi mbele kwa saa mbili. Katika mfano hapo juu, saa ya uamuzi, saa ya simu na saa gari lilipoondoka zimeandikwa kila moja mahali pake. Hilo linamlinda mama kwa sababu daktari anajua urefu halisi wa kizuizi. Linamlinda pia tabibu, maana linaonyesha kwamba saa 2 na dakika 20 zilipotea kwenye usafiri na si kwenye uamuzi. Kifo cha mama kinapojadiliwa baadaye, barua isiyo na saa huacha lawama imwangukie yeyote.

## Mrejesho

Fomu nyingi za rufaa zina sehemu ya chini ambayo hospitali inatakiwa kuijaza na kuirudisha kituoni: mama alifika saa ngapi, alikutwaje, alifanyiwa nini, hali yake na ya mtoto wakati wa kuruhusiwa. Mara nyingi sehemu hiyo hubaki tupu. Matokeo yake ni kwamba tabibu hajui kama kichwa alichokipapasa kuwa 4/5 kilikutwa hivyo, na kosa la upimaji linaweza kurudiwa kwa miaka.

Mrejesho una kazi kwa mama mwenyewe pia. Aliyefanyiwa upasuaji ana kovu, na mimba ijayo haifai kungojewa katika kituo kisicho na upasuaji. Habari hiyo isiporudi kijijini na kuingia kwenye kadi yake, barua ya rufaa inayofuata inaweza kuandikwa na tabibu mwingine, usiku mwingine, bila neno la kovu.

## Mipaka

Barua haifupishi barabara wala haileti gari. Mwaka 1994 Thaddeus na Maine walieleza vifo vya uzazi kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Barua hugusa zaidi ule wa tatu. Inapunguza muda wa kuuliza upya na kupima upya, na inazuia tiba isiyofaa. Zaidi ya hapo ina ubora wa uchunguzi uliofanywa tu: kichwa kilichopapaswa vibaya kitaandikwa vibaya kwa mwandiko mzuri. Kwa sababu hiyo daktari anayepokea humpima mama mwenyewe kwanza, kisha huweka vipimo vyake kando ya vile vya barua na kutazama tofauti.